Taa Ndogo za Vikasha na Spika: Rangi Zake na Mwako Wake

Taa ndogo iliyo mbele ya kikasha cha vispika vya masikioni, au pembeni mwa kitufe cha kuwashia spika ya blututhi, hubeba kazi tatu kwa wakati mmoja. Hueleza kiasi cha chaji kilichobaki, hueleza kama kifaa kimeunganishwa na simu, na hutoa taarifa kunapokuwa na hitilafu. Kwa kuwa nukta ya mwanga ni moja na mambo ya kueleza ni mengi, watengenezaji hutumia njia mbili: hubadilisha rangi, na hubadilisha mwako, yaani kama taa inawaka mfululizo, inawaka na kuzima haraka, au inatoa mwanga mara moja kila baada ya sekunde kadhaa.

Hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote. Bluetooth SIG, jumuiya ya kampuni inayosimamia teknolojia ya blututhi, hupanga namna vifaa vinavyotafutana na kupelekeana sauti hewani, lakini haimwagizi mtengenezaji taa yake iwake rangi gani. Kwa mitambo ya viwandani upo mwongozo wa kimataifa, IEC 60073, unaotenga nyekundu kwa hatari, njano kwa tahadhari na kijani kwa hali ya kawaida. Vifaa vya nyumbani hufuata mazoea hayo kwa kiasi katika mambo ya chaji: nyekundu ni chaji ndogo au chaji inaendelea kuingia, kijani ni imejaa. Katika mambo ya muunganisho kila kampuni imeshika njia yake. Bluu ilizoeleka kwa sababu ndiyo rangi ya nembo ya blututhi, na si kwa sababu mtu aliiamuru.

Ndiyo maana taa nyeupe inayowaka na kuzima yaweza kuwa na maana mbili kwa mtu mmoja mwenye vifaa viwili. Kwenye kikasha cha AirPods cha Apple, mwako huo unasema kikasha kiko tayari kuunganishwa na simu. Kwenye spika kadhaa za SoundLink za Bose, kinachosema niko tayari kuunganishwa ni bluu inayowaka na kuzima. Nyeupe inayowaka na kuzima maana yake spika imo katika kujiunga na simu inayoijua, na nyeupe inayotulia maana yake imeshajiunga. Anayechukua maana ya kifaa kimoja na kuipeleka kwenye kingine atabonyeza vitufe bure.

Njia ya uhakika ni kuanza na maswali matatu kabla ya kuangalia rangi. Taa hii ni ya nani: ya kikasha, ya kispika au ya betri ya spika? Inazungumzia jambo gani: chaji au muunganisho? Na imetulia, au inawaka na kuzima? Mwako hupotosha mara chache kuliko rangi. Karibu kampuni zote hufuata desturi ileile: taa iliyotulia huonyesha hali iliyokwisha kamilika, taa inayowaka na kuzima haraka huonyesha kifaa kinachotafuta au kinachomsubiri mtumiaji afanye jambo, na taa inayotoa mwanga mara mojamoja huonyesha kifaa kilichowaka lakini kimepumzika.

Jicho moja, rangi nyingi

Inayoonekana kuwa taa moja mara nyingi ni mbili au tatu zilizofungwa katika jicho moja. Kila taa ya LED hutoa rangi yake tu, inayotokana na madini yaliyoiunda. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, na kijani na njano zikafuata. Bluu yenye mwanga wa kutosha ilisumbua kwa miongo mitatu, hadi Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoifanikisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Redio na kaseti za zamani zilikuwa na taa za LED nyekundu, kijani au njano tu kwa sababu hiyo: bluu na nyeupe hazikuwepo za kuwekwa.

Katika jicho lenye LED nyekundu na kijani, rangi ya chungwa au njano hupatikana kwa kuwasha zote mbili pamoja. Likiongezwa jicho la bluu, zikiwaka zote tatu hutoa nyeupe. Hili lina faida kwa mtu anayetafuta ugonjwa wa kifaa. Kikasha kilichozoea kuwaka rangi ya chungwa kikianza kuwaka nyekundu tupu, na kijani chake hakionekani tena hata kikichajiwa usiku kucha, huenda betri ni nzima na kilichokufa ni LED ya kijani. Namna ya kujua ni kufungua kifuniko karibu na simu na kusoma asilimia ya chaji kwenye skrini. Simu ikisema 100 huku taa ikisema nyekundu, tatizo ni taa.

Wapo pia watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwao kikasha kinachotegemea rangi hizo mbili pekee hakisemi kitu, na mtengenezaji anayetofautisha hali zake kwa mwako pia, si kwa rangi tu, amewatendea haki.

Taa ni ya nani

Makosa mengi ya kusoma chaji hutokana na kusahau kwamba katika kifurushi kimoja cha vispika vya masikioni mna betri tatu: moja ya kikasha, na moja katika kila kispika. Ya kikasha ni kubwa, kwa kawaida mara kadhaa ya zile za vispika, kwa kuwa kazi yake ni kuvijaza tena na tena mbali na umeme.

Vikasha vya AirPods vyenye taa vinaonyesha vizuri jinsi nukta moja inavyohudumia betri zote. Vispika vikiwa ndani na kifuniko kikiwa wazi, taa inasema chaji ya vispika. Vikitolewa, taa ileile inasema chaji ya kikasha. Kijani maana yake imejaa, na rangi ya chungwa maana yake kilichobaki hakifikii kujaza vispika mara moja kamili. Mtu akifungua kifuniko, akaona kijani, akatoka nyumbani akiamini kikasha kimejaa, amesoma taa sahihi kwa swali lisilo lake: aliyoyaona ni ya vispika. Kwa kutaka kujua hali ya kikasha, atoe vispika vyote viwili kwanza, kisha atazame. Kikasha kinachochajiwa bila waya kina jambo jingine linalowatia watu hofu: kikiwekwa kwenye bamba la kuchajia, taa huwaka kwa sekunde 8 hivi kisha huzima, na chaji huendelea kuingia gizani. Kuzima kwake si dalili kwamba chaji imekatika.

Vikasha kadhaa vya Galaxy Buds vya Samsung vimeondoa utata huo kwa kuweka taa mbili, ya nje kwa kikasha na ya ndani kwa vispika. Ni uamuzi mzuri, kwani mtumiaji hahitaji kukumbuka kama kifuniko kilikuwa wazi au la.

Vikasha vya bei nafuu vinavyojaa madukani hutumia mtindo wa tatu. Mbele kuna nukta nne, au kioo kidogo chenye tarakimu, vinavyohusu kikasha peke yake. Vispika vina taa zao ndogo mgongoni: kila kimoja kikiwekwa kwenye shimo lake huwaka nyekundu, na chaji ikijaa nyekundu huzima. Nukta nne kwa kawaida hugawa chaji katika robo. Wakati wa kuchaji, nukta inayowaka na kuzima ni ile ya robo inayojazwa sasa, na zilizotulia ni robo zilizokwisha kujaa. Nukta mbili zilizotulia na ya tatu inayowaka na kuzima maana yake nusu imepita na robo ya tatu inaingia. Kikasha kikiwa hakipo kwenye umeme na nukta ya kwanza ikawaka na kuzima peke yake, kiko karibu kuisha kabisa.

Nyekundu ya chaji inavyoamuliwa

Ndani ya spika nyingi za bei nafuu, na katika kazi za mafundi wa elektroniki, kuna chipu ndogo ya kuchajia iitwayo TP4056. Kuielewa ni kuelewa taa zenyewe, kwa sababu rangi haichaguliwi na kipimo cha asilimia bali na jambo moja tu: umeme kiasi gani unaingia kwenye betri.

Chipu hiyo ina miguu miwili ya taa. Mmoja huwasha taa, kwa kawaida nyekundu, muda wote betri inapopokea umeme. Mwingine huwasha taa ya kijani au bluu kazi inapokwisha. Betri ya lithiamu huchajiwa kwa hatua. Kama imeshuka sana, chini ya volti 2.9 hivi, chipu huipa umeme kidogo kwanza ili isidhurike. Ikishapanda, huipa umeme mwingi mpaka ifike volti 4.2. Kisha hushikilia volti hiyo huku umeme unaoingia ukipungua polepole, na unapofika sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chipu hukata na kubadilisha taa.

Kutokana na hapo mambo kadhaa yanayowashangaza wenye spika yanaelezeka. La kwanza ni spika inayochajiwa huku ikipiga muziki, ambayo taa yake haigeuki kijani hata baada ya saa nyingi. Katika spika zilizounganishwa kwa urahisi, muziki na betri hunywa umeme kupitia njia ileile. Umeme unaopita haushuki hadi ile sehemu moja ya kumi, kwa hiyo chipu inaamini betri bado haijajaa. Ukizima muziki, nyekundu hugeuka baada ya muda. Betri haina ubaya wowote, ila kuiacha hivyo siku nzima kunaishikilia kwenye volti ya juu na kuichosha mapema.

La pili ni taa iliyogeuka kijani, kisha baada ya saa kadhaa ikarudi nyekundu kwa muda mfupi ingawa waya haujachomolewa. Betri iliyojaa hushuka volti polepole, na inapofika karibu volti 4.05 chipu huanza kuijaza tena. Hiyo ni kazi ya kawaida. Kurudi huko kukiwa kwa kila baada ya dakika chache, betri imechoka na haishikilii chaji.

La tatu linawahusu zaidi mafundi. Spika ikichomekwa, taa ya kujaa ikatulia mara moja huku nyekundu ikiwaka na kuzima, chipu haioni betri: waya wa betri umekatika au solda imeachia. Kabla ya kununua betri mpya, ni vyema kugusa kila kiungo cha waya na kupima kwa mita.

Na kama taa haiwaki kabisa? Kwanza mtu abadilishe waya. Kuna kasoro moja ya usanifu iliyoenea katika vikasha na spika za bei nafuu zenye tundu la USB-C: huwaka zikichajiwa kwa waya wenye ncha pana upande wa chaja, yaani USB-A, lakini zikichomekwa kwa waya wenye ncha ndogo za USB-C pande zote mbili hazionyeshi hata nukta. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka itambue vizuizi viwili vidogo vya kilo-omu 5.1 ndani ya kifaa, na baadhi ya viwanda huviacha ili kuokoa senti. Kifaa hakijafa. Waya wa ncha pana na ndogo utakiwasha.

Kama waya si tatizo, kifaa kilichokaa miezi bila kutumika kinaweza kuwa kimeshuka hadi kwenye ile hatua ya umeme kidogo, na katika baadhi ya vifaa taa hubaki kimya wakati huo. Kuacha kwenye chaja nusu saa bila kukigusa kunatosha kuona kama kitaamka. Joto nalo huzuia: betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri au juu ya nyuzi 45 hivi za Selsiasi, na kikasha kilichoachwa ndani ya gari juani hupita kiwango hicho bila shida. Vifaa vilivyoundwa vizuri hukataa chaji na kuwaka mwako wa hitilafu, mara nyingi nyekundu au chungwa la haraka, mpaka vipoe.

Sikio moja kimya

Hakuna tatizo la vispika visivyo na waya linalowarudisha watu dukani kama kusikia upande mmoja tu. Mara nyingi jibu limo kwenye taa, na linaonekana ndani ya sekunde kumi za kwanza baada ya vispika kutolewa.

Vispika vya aina nyingi za bei nafuu hufanya kazi mbili vinapotoka kwenye kikasha. Kwanza vinatafutana vyenyewe, kulia na kushoto. Katika hatua hiyo vyote viwili huwaka na kuzima kwa rangi mbili zinazopokezana, nyekundu na bluu au nyekundu na nyeupe. Vikishapatana, kimoja hunyamaza au kubaki na mwanga wa mara mojamoja, na kingine huendelea kupokezana rangi. Kinachoendelea ndicho kinachoongea na simu, na jina la kifaa huonekana mara moja tu katika orodha ya blututhi. Mtumiaji akishagusa jina hilo, rangi huacha kupokezana, na muda si mrefu taa zote huzima.

Sasa tuchukue vispika ambavyo cha kushoto kimekuwa kimya tangu jana. Vinatolewa vyote, vinawekwa mezani kimoja kando ya kingine, na vyote viwili vinaendelea kupokezana nyekundu na bluu hata baada ya nusu dakika. Kwenye simu jina lilelile linaonekana mara mbili, pengine moja likiwa na herufi L au R mwishoni. Taa zimeshasema tatizo: vispika havikupatana. Kila kimoja kinajiona yuko peke yake na kinaisubiri simu. Jambo hili hutokea mtu anapotoa kimoja na kukiunganisha na simu kabla ya kutoa cha pili, au kimoja kinapoisha chaji katikati ya matumizi.

Dawa yake ina mpangilio, na mpangilio ndio unaofanya kazi. Kwanza blututhi ya simu inafutwa kumbukumbu ya kifaa hicho, si kuzimwa tu, kwa kuchagua kukisahau kifaa katika mipangilio. Simu ikibaki nayo, itakinyakua kispika kimoja kabla hakijampata mwenzake. Pili vispika vinarudishwa kwenye kikasha, na hapo taa nyekundu za kuchaji lazima zionekane zote mbili. Tatu vinatolewa vyote kwa pamoja na kushikwa vitufe vyake kwa muda ambao karatasi ya maelezo imetaja, kwani hapa kila aina ina utaratibu wake: nyingine hutaka kushika kitufe hadi taa ziwake mara kadhaa, nyingine hutaka kugongwa mara kadhaa mfululizo. Kimoja kikinyamaza na kingine kikibaki kinapokezana rangi, kazi imekwisha. Ndipo simu inaunganishwa na jina lililobaki.

Kwa AirPods zenye kitufe nyuma ya kikasha, mwendo huohuo una taa zake. Vispika hurudishwa ndani, kifuniko hufungwa kwa sekunde 30, hufunguliwa, kisha kitufe hushikiliwa kwa sekunde 15 hivi. Taa huwaka na kuzima rangi ya chungwa kwanza, halafu nyeupe. Chungwa hilo linaonyesha kwamba kumbukumbu ya zamani imefutwa, na nyeupe kwamba kikasha kiko tayari upya. Anayeachia kitufe kabla ya chungwa hajabadilisha kitu. Chungwa linalowaka na kuzima lenyewe bila mtu kubonyeza lolote ni taarifa kwamba vispika vinahitaji kuunganishwa upya.

Kuna namna ya pili ya sikio kimya, na taa hutofautisha hizi mbili wazi. Kispika kinarudishwa kwenye shimo lake lakini nyekundu ya kuchaji haiwaki, au kinaendelea kupokezana nyekundu na bluu kikiwa ndani ya kikasha, na pengine simu inaonyesha bado kimeunganishwa ingawa kifuniko kimefungwa. Hapo tatizo si blututhi. Kispika hakijui kwamba kimerudi nyumbani, kwa kuwa hujua kwa umeme unaopita kwenye vidoti vya shaba vilivyo chini yake na vipini vidogo vya chuma vilivyo ndani ya shimo. Nta ya masikio, jasho na vumbi vikijipaka hapo, umeme haupiti. Kispika hubaki macho usiku kucha, chaji yake inaisha, na asubuhi upande huo uko kimya. Kijiti cha pamba kikavu, au kilichogusishwa spiriti kidogo sana, kinatosha kufuta pande zote mbili. Sindano na pini za chuma zisitumike: vipini vya ndani ya shimo vina springi, na vikipinda havirudi.

Swali linalofuata ni kwa nini vispika hivi huzima taa vinapopiga muziki, ilhali spika kubwa huendelea kuwaka. Hesabu ndogo inajibu. Tuseme kispika kina betri ya miliampea-saa 40 na hupiga muziki kwa saa 5. Maana yake hutumia miliampea 8 kwa wastani. Taa ndogo inayowaka mfululizo yaweza kutumia miliampea 2. Ikiachwa wazi, matumizi yanafika 10, na saa 5 zinakuwa 4. Saa nzima ya muziki ingelipwa kwa mwanga ambao hata aliyevaa hauoni.

Spika inaposhuka hadi nyekundu katikati ya wimbo

Kwenye spika za blututhi za kubebeka, taa ya betri hupotosha zaidi pale sauti inapopandishwa. Spika iliyoonyesha nukta tatu za chaji inaweza kuwaka nyekundu ghafla wakati wa wimbo wenye besi nzito, kisha nukta zikarudi sauti ikishushwa. Wengi hudhani betri ni mbovu.

Chipu nyingi hukadiria chaji kwa kupima volti za betri, na volti hizo haziteremki sawasawa na chaji. Betri moja ya lithiamu huanza na volti 4.2 ikiwa imejaa, hushuka haraka kidogo hadi karibu 3.9, kisha hukaa muda mrefu ikiteremka polepole hadi karibu 3.6, na mwishoni huporomoka. Tofauti ya volti 0.3 tu inabeba sehemu kubwa ya muziki wote. Hapo ndipo besi inapoharibu kipimo. Betri yenyewe ina ukinzani ndani yake. Ukiwa omu 0.15 na besi ikavuta ampea 2, volti 0.3 hupotea papo hapo. Betri iliyokuwa kwenye 3.7 huonekana kuwa kwenye 3.4, na taa inatangaza kuisha ilhali karibu nusu ya chaji bado imo.

Kipimo sahihi basi ni kile cha spika ikiwa imetulia. Sauti ishushwe, isubiriwe dakika moja, ndipo taa isomwe. Nyekundu ikiendelea, betri imeisha kweli. Nyekundu ikiondoka na kurudi kila sauti inapopanda, huku spika ikijizima yenyewe mara kwa mara ikiwa na nukta za kutosha, ukinzani wa betri umepanda kwa uzee, na hiyo ndiyo dalili ya kubadilisha betri. Spika mpya hufanya hivyo kwa nadra, na kwa sauti ya juu kabisa tu.

Rangi za chaji za spika nazo zinatofautiana, na mfano wa SoundLink unafaa kukumbukwa kwa sababu unakwenda kinyume na mazoea ya wengi. Katika aina kadhaa za spika hizo, kijani ni chaji ya wastani hadi iliyojaa, chungwa lililotulia ni chaji ya wastani, chungwa linalowaka na kuzima ni kwamba inachajiwa, na nyekundu inayowaka na kuzima ndiyo inayoomba chaji. Aliyezoea kuona nyekundu wakati wa kuchaji atadhani chungwa linalowaka na kuzima ni hitilafu. Hapa kijani pia hakithibitishi kwamba betri imejaa pomoni, kwa hiyo anayesafiri asiridhike na rangi hiyo peke yake; spika nyingi za sasa hutaja au huonyesha asilimia kwenye simu.

Baadhi ya spika za JBL zinazostahimili maji hutumia mlio pamoja na taa pale tundu la chaji linapokuwa na unyevu. Spika iliyotoka ufukweni au bafuni ikianza kulia mara tu inapochomekwa, waya uchomolewe hapo hapo, tundu likung'utwe na kuachwa likauke hewani. Maji ya chumvi yakipitishwa umeme hula vipini vya tundu haraka sana, na spika isiyoingia maji juu ya kitambaa chake bado inaweza kufa kupitia tundu hilo.

Karatasi ndogo ya maelezo inayokuja ndani ya boksi ndiyo yenye maana kamili ya taa za kifaa husika, na kuipiga picha kwa simu siku ya kununua kunaokoa muda mwingi. Lakini lipo jambo moja ambalo taa za vifaa hivi haziripoti: betri iliyovimba. Kikasha kinaweza kuwaka kijani kama kawaida huku kifuniko chake hakifungi sawasawa, ubavu wake umetuna, au spika imeachia kwenye maungio. Kifaa cha namna hiyo kisichajiwe tena, kisibanwe wala kutobolewa, kiwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto na kupelekwa kwa fundi au mahali panapopokea betri chakavu, hata kama taa yake inasema kimejaa.